Kunoa picha hakurudishi kope zilizopotea

Wiki iliyopita nilikuwa nachambua picha za harusi, nikakwama kwenye moja. Bibi harusi ameinua uso, shela imeshika mwanga wa dirishani, na tabasamu ni lile tulilolisubiri asubuhi nzima. Nilipoivuta hadi asilimia 100 nikaona fokasi imekaa kwenye hereni. Macho yana ukungu.

Lenzi ilikuwa ya milimita 85, imefunguliwa hadi f/1.8, nami nimesimama kama mita mbili kutoka kwake. Kwa umbali huo, eneo linalotoka kali ni kama sentimita 6 tu, mbele hadi nyuma. Mtu akikutazama usoni, jicho na sikio vimepishana zaidi ya hapo.

Nikaingia Lightroom, programu ya kuhariri picha, nikapandisha vipimo vya kunoa: Amount hadi 90 na Radius hadi 1.5. Shela ikanoleka vizuri, hereni ikazidi kumetameta, ila macho yakabaki yaleyale, sasa yakiwa na mstari mweupe pembeni mwa wanja na chengachenga shavuni. Ndivyo kunoa kunavyofanya kazi: programu inatafuta mahali giza linapokutana na mwanga, inatia giza zaidi upande mmoja na mwanga zaidi upande wa pili, na jicho letu linasoma tofauti hiyo kama ukali. Kope ambazo lenzi ilishazichanganya zikawa utepe mmoja mweusi haziwezi kuhesabika tena, kwa sababu hakuna mpaka wa kuukoleza.

Kwa hiyo mimi naangalia kope kabla ya kugusa kitu chochote. Zikiwa zinatengana, hata kama ni laini, picha inanoleka: Radius iwe karibu na 1, kisha shikilia Alt huku unavuta Masking hadi ngozi igeuke nyeusi, ili kinachonolewa kiwe macho, nywele na ushonaji peke yake. Zikiwa zimeungana, naiacha. Na ukungu ukiwa umeburuzika upande mmoja, hapo si fokasi tena, ni mkono ulitikisika au mtu alisogea.

Ukubwa wa kusafisha nao una neno lake. Picha ileile ikipunguzwa iwe ya kutumwa kwenye simu, ukungu mdogo unamezwa kabisa. Ikienda kwenye fremu ya ukutani ya sentimita 50 kwa 75, kila mgeni atakayeisogelea atauona.

Bahati nzuri nilipiga mfululizo. Fremu ya tatu tabasamu limepungua kidogo, lakini kope zote zipo, na hiyo ndiyo niliyoipeleka kwa ajili ya ukuta. Ya kwanza nimeiweka kwenye albamu, ndogo, upana wa sentimita 10, bila kuinoa zaidi ya kawaida. Kwenye harusi ya Jumamosi hii nitafunga lenzi hadi f/4, eneo kali lifike kama sentimita 13, na nitavuta jicho kwenye kioo cha kamera kabla bibi harusi hajaondoka dirishani.