Mnada ulikuwa mmoja jamani

Jana usiku mjomba kanipigia kutoka Tandahimba, sauti juu, anauliza kwa nini korosho za AMCOS yao hazikuingizwa kwenye "mnada wa pili". Mnada wa pili upi mjomba, ulikuwa mmoja tu! Kuna mtu kwenye grupu letu la korosho alichukua taarifa tatu akaziunga akaziita muhtasari, na watu wakaamini.

Namba nazibadilisha ila mambo yalikuwa hivi. Taarifa ya kwanza iliandikwa Jumamosi: "Tani 1,200 zimeuzwa jana, daraja la kwanza bei ya juu 3,400." Ya pili: "Wanunuzi wamechukua kilo 1,200,000 Ijumaa, daraja la kwanza bei ya chini 3,310." Ya tatu ilirudia hayo hayo ikaongeza kwamba daraja la pili limekwenda 2,600. Ndugu yetu kaja kuziunga Jumapili, ile "jana" kaiacha kama ilivyo, kwa hiyo msomaji anaona Ijumaa mnada na Jumamosi mnada mwingine, tani na kilo zinaonekana mizigo miwili.

Najua alikuwa na haraka na alitaka kutusaidia, sawa. Lakini kuunga taarifa siyo kushona sentensi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Unazivunja kwanza, kila jambo mstari wake: siku gani, mzigo kiasi gani, bei gani, ya daraja gani. "Jana" unaibadilisha kuwa jina la siku kwa kuangalia taarifa iliandikwa lini, siyo wewe umeisoma lini. Kilo unazigeuza tani. Ukishafanya hivyo utaona mwenyewe kwamba kuuzwa na kununuliwa ni tukio lile lile, mmoja kasimama upande wa mkulima mwingine upande wa mnunuzi, basi unabakiza mstari mmoja.

Halafu kuna kosa la upande wa pili, la kufuta kwa sababu vinafanana. 3,400 na 3,310 hazigombani, moja ni juu moja ni chini, zote zinabaki. Ile 2,600 nayo ni ya daraja la pili, ukiichanganya humo mkulima wa daraja la kwanza anadhani bei imeporomoka.

Na taarifa ya tatu msiihesabu kama shahidi wa tatu, imenakili zile mbili, kipya chake ni hiyo 2,600 tu. Zikigongana kweli, usitafute wastani, taja nani kasema nini.

Kwa hiyo nilimsomea mjomba hivi: "Ijumaa tani 1,200 za korosho ziliuzwa mnadani, daraja la kwanza kati ya shilingi 3,310 na 3,400 kwa kilo, daraja la pili 2,600."

Kanyamaza kidogo, kisha kauliza, "Kwa hiyo zetu bado zipo ghalani?" Ndiyo mjomba, bado.