Hatimiliki mkononi, na kesi ya kiwanja cha Nyali

"Nimenunua ploti kwa njia halali, sachi nimefanya, jina langu limo kwenye sajili na hati ninayo. Kuna mtu anaweza kuninyang'anya?"

Nchini Kenya, ndiyo, anaweza, hata kama wewe hujamdhulumu mtu yeyote. Jibu hili huwaudhi wanunuzi, na huwaudhi zaidi wenye mabenki, lakini ndivyo sheria inavyosomwa tangu Mahakama ya Upeo ilipoamua kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, tarehe 21 Aprili 2023. Kama uamuzi huo ni wa haki ni swali jingine, nami nina shaka na sehemu yake moja.

Tuanze na karatasi yenyewe. Kinachomfanya mtu kuwa mmiliki ni kuandikishwa kwake katika sajili ya ardhi. Hati ni uthibitisho tu wa yaliyomo humo. Ndiyo maana ukiipoteza hati hupotezi shamba. Msajili hutangaza katika Gazeti Rasmi, na siku 60 zikipita bila pingamizi hukutolea nyingine. Na ndiyo maana pia karatasi ikiwa nzuri, ina mhuri na sahihi, lakini sajili inasema jina la mtu mwingine, basi umeshika karatasi tupu.

Ukishaandikishwa, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inakupa haki nzito. Unaweza kuitumia ardhi, kuikodisha, kuiuza, kuiweka rehani benki, kuirithisha na kumfukuza anayeingia bila ruhusa yako. Serikali ikiitaka kwa barabara au reli, Katiba inailazimu ikulipe fidia ya haki kwa wakati. Kama ardhi ni ya kukodishwa kutoka serikalini, haki hizo zinadumu kwa muda ulioandikwa na kwa masharti yake, na asiye raia hawezi kupewa zaidi ya miaka 99. Madini yaliyo chini ya ardhi si yako kwa hali yoyote, ni ya taifa.

Msumari umo katika kifungu cha 26 cha sheria hiyo ya usajili. Kifungu hiki kinazitaka mahakama zote ziichukue hati kuwa ushahidi wa awali kwamba aliyetajwa ndiye mmiliki kamili, asiyeng'olewa. Kisha kinatoa milango miwili ya kumng'oa. Mlango wa kwanza ni ulaghai au udanganyifu ambao mwenye hati mwenyewe amethibitika kushiriki. Mlango wa pili ni pale hati ilipopatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njama ya ufisadi. Usome tena huo wa pili: haukutaja kwamba mwenye hati lazima awe mshiriki. Kosa likiwa la mtu wa zamani kabisa katika msururu wa wauzaji, linaweza kumfikia wa mwisho aliyelipa pesa zake kihalali.

Ndilo lililotokea Nyali, Mombasa, katika kesi ya Dina. Kiwanja kilikuwa ufuoni mwa bahari. Mwaka 1989 kilitolewa kwa Daniel arap Moi, aliyekuwa Rais wakati huo. Baadaye kikahamishiwa kampuni ya Bawazir, nayo Dina Management ikakinunua mwaka 2006. Kwenye sajili kila kitu kilionekana sawa. Septemba 2017 maafisa wa kaunti wakaingia, wakabomoa ukuta ili kufungua njia ya umma ya kwenda baharini. Kampuni ikaenda mahakamani ikiwa na hoja ambayo mnunuzi yeyote angeitoa: tulinunua kwa nia njema, tulilipa, hatukujua ubaya wowote.

Ilishindwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikashindwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Upeo ikafunga ukurasa. Majaji hawakuanza na hati ya mwisho. Walirudi hadi kwenye ugawaji wa 1989. Wakakuta ardhi hiyo ilikuwa imetengwa kuwa uwanja wa wazi wa umma, na utaratibu wa sheria wa kuigawa haukufuatwa. Basi aliyepewa kwanza hakupata haki yoyote, na asiye na kitu hana cha kumuuzia mwenzake. Hati, walisema, ni zao la mwisho la mchakato. Mchakato ukiwa na kasoro, hati haiwezi kuusafisha. Ulinzi wa Katiba kwa mali binafsi nao hauenei kwenye mali iliyopatikana isivyo halali.

Wanaounga mkono uamuzi huo wana historia upande wao. Chini ya sheria ya zamani ya ardhi iliyosajiliwa, Sura ya 300, mahakama haikuruhusiwa kurekebisha sajili kwa sababu ya ulaghai kama usajili wenyewe ulikuwa wa kwanza. Yaani aliyewahi kuandikishwa mwanzo alikuwa salama hata kama aliandikishwa kwa hila. Mtu angetaka kuandika sheria ya kuwakinga wanyakuzi asingeweza kuandika bora kuliko hiyo. Mbinu ikawa rahisi: kipande cha msitu, uwanja wa shule au njia ya kwenda baharini kinagawiwa mwenye cheo, anakiuza upesi kwa kampuni, kampuni inamuuzia mtu wa tatu, na mtu huyo wa tatu anasimama kizimbani akisema yeye hana hatia. Tume ya Ndung'u, katika ripoti yake ya 2004, ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa namna hiyo. Kama nia njema ya mnunuzi ingetosha, uwanja wa shule usingerudi kamwe, kwani kumpata mnunuzi wa tatu si kazi.

Upande wa pili hauna uzito mdogo. Maana nzima ya kuwa na sajili ya serikali ni kwamba mtu asilazimike kuchimba miaka 40 nyuma. Serikali inaiweka sajili, inatoza ada za sachi, inapokea ushuru wa stempu wakati wa kuhamisha, inapokea kodi ya ardhi mwaka baada ya mwaka, halafu inageuka na kusema ilikosea yenyewe mwaka 1989 na mzigo ni wako. Sheria ileile ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 80, inasema sajili isirekebishwe dhidi ya mtu anayekalia ardhi aliyoinunua kwa thamani, isipokuwa alilijua kosa au alichangia. Na kifungu cha 81 kinazungumzia fidia kwa anayeumia kwa sababu ya marekebisho. Ukiviweka hivi viwili kando ya mlango wa pili wa kifungu cha 26, utaona sheria inamlinda mnunuzi mwema kwa mkono mmoja na kumwacha kwa mkono mwingine.

Msimamo wangu ni kwamba kuhusu ardhi ya umma majaji walikuwa sahihi. Njia ya baharini haikuwa ya kuuzwa, na watu wa Mombasa hawakuulizwa kama wanataka iuzwe. Lakini kuirudisha ardhi ni jambo moja, na nani abebe hasara ni jingine. Kuacha hasara yote kwa mnunuzi wa mwisho, wakati ofisi iliyotia sahihi ugawaji ilikuwa ya serikali, ni kumtoza faini aliye mbali zaidi na kosa. Na kampuni kubwa ina wakili. Mwalimu aliyenunua robo ekari kwa mkopo wa sako hana nguvu ya kusimama kortini miaka sita.

Hatari si ya ardhi ya umma peke yake. Mwaka 2018 Mahakama ya Upeo ilithibitisha kwamba amana ya kimila ni haki inayoishi juu ya ardhi hata kama haikuandikwa kwenye sajili. Wakati wa kugawa mashamba, familia nyingi ziliandikisha jina la kaka mkubwa au mjomba kwa niaba ya wote. Jina ni lake, shamba ni la ukoo. Ndugu akithibitisha kwamba ardhi ilikuwa ya familia kabla ya usajili na kwamba naye angeandikishwa kama mazingira yangeruhusu, hati ya kaka haimzuii, hata kama huyo ndugu hakai shambani. Vilevile mtu akikalia ardhi ya mtu binafsi miaka 12 waziwazi, bila ruhusa na bila kukatizwa, anaweza kuidai mahakamani. Haya yote hayaonekani kwenye sachi. Hapo kinachosaidia ni miguu: nenda shambani, zungumza na majirani, uliza nani analima pale na tangu lini.

Sachi ya kawaida, iwe ya ofisini au ya mtandao wa Ardhisasa, inakuonyesha hali ya leo: maelezo ya kipande, jina la mmiliki, na mizigo kama rehani ya benki au zuio. Haikusimulii ardhi ilikotoka. Kwa hilo unahitaji nakala iliyothibitishwa ya rejista nzima, ile ambayo mawakili huiita grini kadi, yenye kila uhamisho tangu kufunguliwa. Kwa ploti iliyotokana na ardhi ya serikali, rudi nyuma zaidi: barua ya ugawaji, ramani ya mipango iliyoidhinishwa, na ramani ya upimaji. Barua ya ugawaji peke yake haitoshi. Katika kesi ya Torino, iliyohusu ardhi ya Embakasi mwaka huohuo wa 2023, Mahakama ya Upeo ilisema barua hiyo ni ofa tu, haimpi mtu ardhi hadi masharti yatimizwe na usajili ufanyike.

Dalili mbaya zinajulikana kwa aliyezoea faili hizi. Uhamisho wa kwanza umefanyika muda mfupi tu baada ya ugawaji. Ramani ya zamani inaonyesha barabara, shule au uwanja mahali penye ploti. Shamba la kilimo limehamishwa bila kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi. Muuzaji anasema faili "iko Nairobi" na hataki wakili wako aione. Moja tu kati ya hizi inatosha kusimamisha malipo.

Na ukishalipa? Unaweza kumdai muuzaji, ila madai ya mkataba hufa baada ya miaka sita. Dina ilinunua 2006, ukuta ukavunjwa 2017: miaka 11. Kama kuna ulaghai, saa huanza kuhesabiwa siku ulipougundua au ulipopaswa kuugundua, lakini ulaghai ni lazima uuthibitishe, na kampuni iliyokuuzia huenda imeshafungwa. Kwa hiyo mapambano ya kweli yako kwenye mkataba wa mauzo. Mwambie wakili wako aandike kwamba muuzaji anadhamini asili ya hati tangu ugawaji, si hali ya leo tu, na kwamba atarudisha pesa na gharama za ujenzi hati ikifutwa. Muuzaji akikikataa kifungu hicho, muulize kwa nini.