Kuku wa mfano kanifia mkononi

Mi ndo mwenyekiti wa kikundi chetu cha vijana huku Mbagala, tupo kumi, na tulikuwa tunataka ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, sasa shida andiko linataka mradi wa kikundi na kila mtu ana mradi wake kichwani, huyu bodaboda, yule saluni, katibu anang'ang'ania maturubai na viti vya kukodisha. Nikasema jumapili nawamaliza na hotuba moja tu, kuku wa nyama.

Na hesabu niliiandaa jamani. Vifaranga mia, kila mmoja mpaka wiki ya tano anakula kama kilo tatu na nusu, hiyo ni mifuko saba ya kilo hamsini, chanjo ya kideri siku ya saba, gumboro ya kumi na nne, weka watano wa kufa, unauza tisini na tano. Ila maneno matupu hayauzi, nikaazima kuku mmoja wa wiki tano kwa jirani, nikamtia kwenye kiroba, nikapanda nae boda saa saba mchana. Jua la Dar la mwezi wa pili mnalijua.

Nafika namtoa, kuku kaachama mdomo anahema, mabawa kayatanua. Mi nikawaambia "mnaona kifua hiko, anajiachia kwa afya!" Kumbe wafugaji wote wanajua hiyo ndo dalili ya joto kumzidi, hawa kuku wakishakuwa wazito joto linawaua upesi kuliko ugonjwa, hata banda lao linatakiwa pembeni wavu hewa ipite, na mi nilimfunga kiroba kama mkaa.

Nikaendelea kuhutubia nimempakata. Nimefika pale pa "tukigawana hela kila mtu na lake, rejesho la mwezi wa pili tu tutaanza kutafutana, ila kuku tukiwasimamia wote hawafi hovyo", nikasikia mkono umekuwa mzito. Shingo ile, laini kama mlenda.

Kimya. Mweka hazina akauliza taratibu, "mwenyekiti, huyo ni katika wale watano?"

Watu walianguka chini kwa kucheka. Mmoja akakimbilia kisu, tumuwahi, dada mmoja akamwambia utamuwahi wapi, huyo kibudu tayari, tena mbona kama kafa toka pale kwenye gumboro! Katibu hakutoa hotuba hata, alisimama akasema "viti havihemi", akakaa. Kura nane maturubai, moja saluni, moja ya kwangu.

Kuku nimemlipa jirani bei ya sikukuu. Na muhtasari wa kikao ninao hapa, nimegoma kuusaini mpaka leo, maana katibu kaandika: "Waliohudhuria 10. Mgeni mwalikwa 1, alifariki kabla ya mengineyo."