Eti nasafirisha nyumba nje ya nchi

Wadau, najua mmeshasikia. Yule jamaa wa ghala hajawahi kukaa na habari tumboni hata robo saa, na toleo lake lina kontena, meli na wapangaji wanaopunga mkono bandarini. Hakukuwa na meli. Kulikuwa na mimi, projekta, na muhtasari wa kodi ya ongezeko la thamani ambao niliukoleza rangi ya kijani kwa mkono wangu mwenyewe.

Kampuni yetu inauza bidhaa humu ndani, inauza nyingine nje, na ghorofa za juu za jengo tunawapangisha watu waishi. Kwa mhasibu hayo ni makundi matatu. Bidhaa za ndani zinatozwa kodi kwa kiwango cha kawaida. Kwa hesabu nyepesi tuseme asilimia 10. Za nje zinatozwa asilimia 0. Pango la makazi limesamehewa. Mteja wa kundi la pili na wa kundi la tatu wote hawalipi kodi hata senti, ndiyo maana ni rahisi kudhani ni ndugu. Si ndugu. Mauzo ya asilimia 0 bado yanahesabika kuwa mauzo yanayotozwa kodi, kwa hiyo ile kodi uliyolipa kwenye manunuzi yako unarudishiwa. Mauzo yaliyosamehewa yako nje ya uwanja kabisa, na kodi ya manunuzi yanayoyahusu inabaki mgongoni mwako.

Haya yote nayajua. Naapa nayajua. Nimeshawafundisha vijana wa mafunzo, tena kwa majivuno.

Sasa leja yetu ina safu ya kiwango, safu E. Mfumo wa ankara unaandika 10 kwa mauzo ya kawaida, unaandika 0 kwa mauzo ya nje, na kwa pango hauandiki kitu, seli inabaki tupu. Mimi nikaweka fomula pembeni ya kugawa kila mstari kwenye kundi lake:

```
=IF(E2=0,"SIFURI",IF(E2="","MSAMAHA","KAWAIDA"))
```

Wenye macho mmeshaona. Msiandike kwanza, niacheni nimalizie.

Seli tupu, ukiiuliza kama ni sawa na 0, inajibu ndiyo. Kwa hiyo kila pango lilikamatwa kwenye swali la kwanza, likabatizwa SIFURI, na swali la pili halikuwahi kufikiwa na mstari hata mmoja. Muhtasari ukatoka hivi: kawaida 600,000, sifuri 400,000, msamaha 0. Nikautazama ule msamaha 0 nikauona ni usafi. Kitu hakina kitu, kimenyooka.

Halafu nikafanya uhakiki, maana mimi ni mtu wa uhakiki. Jumla ya mauzo kwenye muhtasari 1,000,000, kwenye leja 1,000,000. Kijani, SAWA. Asilimia 10 ya 600,000 ni 60,000, na kodi iliyokusanywa kwenye leja ni 60,000. Kijani tena, SAWA. Bila shaka ni sawa! Ukihamisha mtu kutoka chumba hiki kwenda kile, idadi ya watu ndani ya nyumba haibadiliki. Uhakiki wangu ulikuwa unahesabu vichwa tu, hauulizi nani kalala wapi.

Kodi ya manunuzi ya mwezi ilikuwa 50,000, yote ya gharama za pamoja: umeme, ulinzi, matengenezo ya jengo. Kwa kuwa muhtasari ulisema hatuna msamaha, nikaidai yote. 60,000 kutoa 50,000, tunadaiwa 10,000. Bosi akaguna kwa furaha. Wadau, huyu mtu huwa hagunii kitu. Nikasimama wima zaidi.

Hapo ndipo mama wa ukaguzi wa ndani akavaa miwani.

Hakuongea. Aliinuka taratibu akaenda mpaka ukutani, kivuli chake kikafunika nusu ya takwimu zangu, akaweka kidole kwenye ile 400,000.

“Mwanangu, hii ni nini?”

“Mauzo ya nje, mama. Kiwango sifuri.”

“Yote?”

“Yote, mama.”

Nilijibu haraka. Nilijibu kwa sauti. Mpaka leo najisikia nikijibu.

“Nibonyezee hapo, nione mistari yake.”

Nikabonyeza. Mstari wa kwanza: vifaa, mauzo ya nje. Wa pili: vifaa, mauzo ya nje. Wa tatu: *Pango, ghorofa ya tatu, chumba namba 4.* Wa nne: *Pango, ghorofa ya tatu, chumba namba 5.* Nikaendelea kuteremsha, nikidhani chini kutakuwa na nafuu. Chini kulikuwa na ghorofa ya nne.

Chumba kizima kimya. Projekta inavuma. Yule mama akageuka, akanitazama juu ya miwani, akasema kwa upole wote wa dunia:

“Mauzo ya asilimia 0 yanataka ushahidi kwamba mzigo umetoka nchini. Basi naomba hati za forodha za hizi nyumba.”

Jamaa wa ghala alikuwa amekuja kuleta takwimu za shehena. Alitoka nje akiwa amejishika mbavu. Mengine mnayajua kupitia kwake.

Tukapiga hesabu upya palepale, mimi nikiwa na jasho la mtu aliyekimbizwa. Kati ya ile 400,000, mauzo ya nje ya kweli yalikuwa 100,000, na pango 300,000. Mauzo yanayotozwa kodi ni ya kawaida na ya sifuri kwa pamoja, 700,000 kati ya 1,000,000. Gharama za pamoja zinahudumia pande zote, kwa hiyo tunadai asilimia 70 tu ya ile 50,000, yaani 35,000. Tunadaiwa 25,000, siyo 10,000. Nilikuwa nimeipunja serikali 15,000 kwa kutumia seli tupu.

Nikasema nitageuza tu maswali, la utupu litangulie. Mama akasogea kwenye kibodi, akaingia kwenye seli moja tupu, akabonyeza kitufe cha nafasi mara moja. Kwa macho seli bado tupu. Fomula yangu mpya ikasema si tupu, wala si 0, basi ni KAWAIDA, na pango likageuka mauzo ya asilimia 10. Angalau hapo uhakiki wa 60,000 uligeuka mwekundu. Akauliza kwa nini situmii safu ya msimbo wa kodi, ambayo ina herufi yake kwa kila kundi na haitegemei kiwango. Nikamwambia leja haina safu hiyo. Ilikuwapo. Niliificha mwenyewe kwa sababu ilikuwa inajaza skrini.

Sasa nagawa kwa msimbo, msimbo usiojulikana unaangukia kundi la nne liitwalo ULIZA, na kila kundi nalifungua nisome majina ya akaunti zilizomo kabla sijapaka kijani chochote. Ritani ilikuwa bado haijatumwa, ikaenda na 25,000.

Bosi ndiye hajapoa. Ile 15,000 alikuwa ameshaipangia kazi kichwani wakati anaguna, na akatoka kikaoni kumpigia fundi rangi ili asimamishe safari. Fundi akataka kujua aanze lini basi. Akapewa namba yangu.