Karudi shule, ila saa nne maziwa yanavuja

Binti wa jirani yangu alirudi kidato cha pili mwaka jana, mtoto akiwa na miezi saba. Siku ya kwanza tu, kabla hata kengele ya mapumziko haijalia, maziwa yakavuja yakaloanisha shati, ikabidi avae sweta na joto lote lile. Kutoka shule mpaka kwao ni mwendo wa dakika 50 kwa mguu, sasa aende akanyonyeshe arudi saa ngapi? Akawa anajikamulia chooni, anamwaga. Wiki ya tatu akaanza kukosa Ijumaa, maana bibi anayemshikia mtoto anauza gengeni na Ijumaa ndo siku ya gulio.

Nimeanza na huyu binti kwa sababu huku Tanzania tukiongelea mabinti waliojifungua kurudi shule tunaishiaga getini. Wameruhusiwa, basi. Mi naona bado hatujafika kwenye haki yenyewe.

Tuanzie kwenye ruhusa. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 hazikutaja hata mimba, zilisema mwanafunzi anaweza kufukuzwa akifanya kosa dhidi ya maadili au akiolewa. Mimba ikasomwa kama kosa la maadili, yani mtoto wa miaka 15 aliyerubuniwa na mtu mzima ndo anaonekana mkosaji. Mwaka 2017 pale Chalinze Rais Magufuli akatamka kwamba kwenye uongozi wake hakuna aliyezaa atakayerudi, wakati Zanzibar, nchi hiyo hiyo moja, walikuwa wanawarudisha tangu 2010. Novemba 2021 Waziri Ndalichako akatangaza wanarudi, ukatoka Waraka wa Elimu namba 2: aliyeacha shule kwa sababu yoyote, mimba ikiwemo, ana miaka miwili ya kurudi.

Nilifurahi sana siku ile, sikatai. Lakini waraka ni maelekezo ya wizara, haufuti kanuni wala haubadilishi sheria ya Bunge. Leo waziri kaandika hivi, kesho mwingine anaandika vile, na haki ya mtoto kusoma haitakiwi kukaa mahali panapobadilika kwa barua moja.

Halafu hiyo miaka miwili, hebu tuihesabu. Tuseme mimba imejulikana ina miezi mitano na binti akaacha shule siku hiyo hiyo. Mpaka ajifungue minne imeenda, anyonyeshe miezi sita bila kumpa mtoto kitu kingine kama wanavyoelekeza kliniki, hiyo ni kumi, imebaki 14. Akijifungua kwa operesheni, au baba yake amesusa hataki hata kumuona, au hakuna mtu aliyemwambia kuna waraka, miezi inakwisha hivi hivi. Wengine wanaelekezwa kwenye vituo vya elimu ya watu wazima wasome kidato cha kwanza mpaka cha nne kwa miaka miwili. Ni njia nzuri kwa anayeichagua mwenyewe, mbaya ni ile ya mkuu wa shule kumsukumia huko ili asimuone na tumbo au na mtoto.

Na kabla ya yote kuna kipimo cha mimba. Mabinti wanapangwa foleni wakifungua shule, mkojo kwenye kikopo, wengine wanabonyezwa tumbo na matroni, hakuna anayewauliza kama wanakubali. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba upimaji wa lazima na kuwafukuza mabinti vinavunja haki zao, ikaitaka Tanzania ipige marufuku vyote viwili na iwasaidie wanaorudi. Mi naamini hicho kipimo ndo kinawafukuza wengi kimya kimya, binti akihisi tu amekosa siku zake hasubiri foleni, anapotea mwenyewe na kwenye rejesta anaandikwa mtoro. Sa huyo mtoro utamtafuta kwa waraka gani?

Nirudi kwa binti wa jirani. Mama yake alienda kumuona mwalimu wa malezi, akamwambia mwalimu naomba mwanangu apate pa kujisitiri tu, hatuombi hela. Mwalimu akampa ufunguo wa stoo ya vifaa vya michezo. Ndani kuna kiti kimoja na mipira iliyopasuka, anaingia saa nne na saa nane, dakika 15 kila mara, na mwalimu wa kipindi ameshaambiwa asimuulize akichelewa. Asubuhi kabla hajatoka anakamua kikombe kimoja, anafunika, bibi anamnywesha mtoto kabla jua halijawa kali, baada ya hapo ni uji mpaka mama arudi. Ijumaa mama yake kaacha kwenda shamba, anakaa na mjukuu mwenyewe.

Hiyo stoo haijaandikwa popote. Mwalimu akihamishwa, ufunguo anakabidhiwa mwingine, na huyo mwingine halazimiki na chochote.