Tupimieni aiskrimu kwa gramu

Ukiuliza skupu moja ya aiskrimu ina kalori ngapi, utajibiwa 90, mwingine atakwambia 140, na wa tatu 230. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi. Skupu hupima nafasi, kalori zinakwenda na uzito, na katika aiskrimu vitu hivyo viwili haviendi pamoja hata kidogo.

Sababu kubwa ni hewa. Mchanganyiko wa maziwa, krimu na sukari hupigwa huku ukigandishwa, na hewa inayoingia ndiyo inayoifanya aiskrimu ilainike badala ya kuwa jiwe la barafu. Kiasi cha hewa huamuliwa na mtengenezaji. Aiskrimu ya bei nafuu inaweza kuwa nusu hewa, hivyo lita moja ikawa na uzito wa gramu 550 hivi. Ile nzito, yenye hewa kidogo, hufika gramu 880 kwa lita ileile. Na kwa kawaida iliyo nzito ndiyo pia yenye krimu nyingi: gramu 100 zake hubeba kalori 250 hivi, wakati ile nyepesi hubeba kama 200.

Sasa chukua skupu ya mililita 80, ijazwe sawasawa bila kilima. Kwa aiskrimu nyepesi utapata gramu 44, yaani kalori 88. Kwa ile nzito utapata gramu 70, yaani kalori 175. Chombo ni kilekile, na donge linaonekana vilevile kwa macho, lakini kalori zimekuwa maradufu.

Hapo bado hatujaugusa mkono wa mhudumu. Anayeviringisha donge polepole juu ya aiskrimu iliyoganda vizuri huiacha na hewa yake. Anayekandamiza ndani ya skupu, hasa ikiwa aiskrimu imeanza kulainika, hutoa hewa na kuingiza aiskrimu zaidi, kisha huongeza kilima juu. Wala simlaumu, maana mteja hufurahi. Lakini theluthi moja ikiongezeka kwa namna hiyo, gramu zetu 70 zinakuwa 93, na kalori zinapita 230.

Skupu zenyewe nazo hutofautiana. Nyingi zile zenye kibapa cha kukwangulia zina namba, na namba hiyo inasema ni skupu ngapi zilizosawazishwa zinazojaza kwati moja ya Marekani, ambayo ni mililita 946. Kwa hiyo namba 16 huchota mililita 59, namba 12 huchota 79, na namba 8 huchota 118. Kadiri namba inavyopungua ndivyo donge linavyokua. Duka likibadilisha skupu yake, bango la bei linaweza kubaki vilevile huku ulaji wako ukipanda maradufu.

Koni nayo ina hesabu yake. Ile nyepesi yenye kitako bapa ina kalori 20 hivi. Koni kubwa ya kaki iliyokunjwa, yenye ukubwa wa kiganja, hufika 120, na ikichovywa chokoleti hupanda zaidi. Tofauti kati ya koni hizi mbili huzidi donge zima la ile aiskrimu nyepesi.

Milksheki ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu humo donge halionekani tena. Madonge matatu ya aiskrimu nzito ni kalori 525. Ongeza mililita 200 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta, kalori 120, na vijiko viwili vikubwa vya sharubati nzito ya sukari, kalori 100. Umeshafika 745 kabla ya krimu ya juu. Ukitumia aiskrimu nyepesi hesabu hushuka hadi 485 hivi, lakini sehemu ya ile hewa hutoka aiskrimu inapoyeyuka kwenye maziwa, glasi inaonekana pungufu, na mhudumu huongeza donge la nne ili ijae.

Kwa mtu mwenye kisukari anayehesabu wanga ili ajue kipimo cha insulini, hili ni jambo zito. Skupu ya gramu 44 ina wanga wa gramu 10 hivi, ya gramu 93 ina zaidi ya 20. Kumwambia "skupu moja" ni kumwacha akisie.

Nyumbani, soma kopo. Likiandikwa lita 1 na gramu 500, ujue umenunua hewa nyingi. Angalia pia kama kalori zimeandikwa kwa gramu 100 au kwa mililita 100, kwani mililita 100 za aiskrimu nyepesi huonekana kuwa na kalori chache mno ukizilinganisha na gramu 100 za nyingine.

Dukani, ninachotaka ni mizani ndogo kwenye kaunta. Mhudumu aweke koni tupu, arudishe mizani kwenye sifuri, achote, kisha mteja asome gramu. Bango likitaja kalori za gramu 100 kwa kila ladha, mteja atamalizia hesabu mwenyewe, iwe mkono uliochota ulikandamiza au haukukandamiza.