Nani aliyeijenga sarufi ya Kinubi?

"Askari walikuwa na pijini tu, maneno bila sarufi. Watoto waliozaliwa Uganda ndio walioigeuza kuwa lugha." Hivyo ndivyo asili ya Kinubi, lugha ya Bombo nchini Uganda iliyotokana na Kiarabu cha askari waliotoka Sudan, inavyoelezwa mara nyingi, na kwa maelezo hayo watu wazima wa kambini wananyimwa haki yao.

Hoja ya watoto si ya kubeza. Derek Bickerton, aliyechunguza lugha za Hawaii, alishikilia kwamba mtoto anayelelewa katika pijini, yaani lugha ya kuungaunga ya watu wasio na lugha moja, hupokea lugha pungufu, akaijazia mwenyewe sarufi iliyokosekana. Kwa mtazamo huo krioli, yaani pijini iliyogeuka lugha ya kuzaliwa nayo, huzaliwa ndani ya kizazi kimoja.

Sasa tutazame kitenzi. Kiarabu cha Sudan hubadilisha umbo la kitenzi kwa kila nafsi. Kinubi kimebaki na umbo moja: ana ruwa ni "nilikwenda", ana gi-ruwa ni "ninakwenda", ana bi-ruwa ni "nitakwenda". Weka umon, yaani "wao", mahali pa ana, na kitenzi hakitikisiki. Gi- na bi- zinafanya kazi inayokaribiana na ile ya -na- na -ta- katika Kiswahili chetu. Hiyo ni sarufi kamili. Je, ilianzia Uganda?

Mwaka 1891 Lugard, ofisa Mwingereza, aliwakuta huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan, akawaleta Uganda pamoja na familia zao. Tangu hapo njia yao na ya wenzao waliobaki Sudan zikatengana. Lakini msikilize leo mtu wa Juba, Sudan Kusini, akisema Kiarabu cha huko: gi- anayo, bi- anayo, na kwake pia bi- huelekea mambo yajayo. Mtu atasema Juba iliziokota baadaye kutoka Khartoum. Haiwezekani kirahisi, kwa sababu huko Khartoum bi- hutumika zaidi kwa yanayotendeka sasa au kila siku. Lugha mbili zilizotengana zisingepotoka kwa namna ileile kwa bahati tu. Mfumo huu ulikuwepo kabla ya safari ya Lugard.

Ni kweli kambi za Ikweta nazo zilikuwa na watoto, kwa hiyo mwanzo wenyewe hauwezi kupewa watu wazima peke yao. Ila Kiarabu cha Juba kilidumu miaka mingi kikiwa hasa lugha ya pili, lugha ya soko na ya kambi, na viambishi hivyo havikupotea. Watu wazima waliweza kuibeba sarufi bila kusubiri mtoto wa kuwasaidia.

Kazi ya watoto inaonekana vizuri zaidi kwenye Tok Pisin, lugha ya Papua Guinea Mpya iliyoanza kama pijini. Gillian Sankoff na Suzanne Laberge walikuta wazazi tayari wamekata baimbai, neno la wakati ujao, likawa bai. Watoto waliokua na lugha hiyo nyumbani walilipokea, wakazidi kulifupisha na kuliondolea mkazo, na usemi wao ukaenda kasi kuliko wa wazazi wao.